Pikseli 15 Zinazousukuma Ukurasa Pembeni

Ukurasa umefunguka vizuri kwenye kompyuta ya ofisini. Picha ya juu imetanda, maandishi yamekaa katikati, rangi ziko mahali pake. Ila chini kabisa ya dirisha umejitokeza upau wa pili wa kusogeza, ule wa kulala, ambao hakuna aliyeutarajia. Msomaji akiuvuta, ukurasa mzima unasogea kushoto kwa milimita chache, kisha unagota. Hakuna cha kuona kule ulikosogea, ila ukanda mwembamba mtupu. Akiendelea kusoma, kila mkono unapoteleza juu ya kipanya, maandishi yanayumba kushoto na kulia.

Mtengenezaji wa tovuti hiyo akipigiwa simu, anaifungua kwenye kompyuta yake na hakuti kasoro yoyote. Anaijaribu kwenye simu, nako ni safi. Anapunguza na kupanua dirisha, ukurasa unatii. Anayelalamika anasema kweli, na anayekana naye anasema kweli, kwa kuwa kila mmoja anatazama ukurasa uliopimwa kwa namna tofauti.

Chanzo chake mara nyingi ni neno moja katika mtindo wa ukurasa, yaani ile lugha ya CSS inayokiambia kivinjari kila kitu kiwe na ukubwa gani na kikae wapi. Neno lenyewe ni `100vw`. Kipimo cha `vw` kilianza kukubaliwa na vivinjari vikubwa kati ya mwaka 2011 na 2013, na maana yake ni rahisi: `1vw` ni sehemu moja ya mia ya upana wa eneo ambalo ukurasa unaonekana. Basi `100vw` ni upana wote. Hivyo ndivyo watengenezaji wengi wanavyokielewa, na kwenye simu kinafanya kazi hivyo hivyo.

Lakini upana wote wa nini? Hapo ndipo penye tatizo. Kivinjari kinapohesabu `vw` kinajifanya kana kwamba upau wa kusogeza haupo. Kinapima kutoka ukingo wa kushoto wa eneo la ukurasa hadi ukingo wa kulia, hata kama kule kulia umesimama upau unaokula nafasi ya pikseli 15 au 17. Ni sawa na fundi anayekata zulia kwa kipimo cha ukuta hadi ukuta katika chumba ambacho upande mmoja umejengewa kabati. Kipimo chake si cha uongo, ila zulia halitalala.

Mfano mmoja ukihesabiwa hadi mwisho utaonyesha mambo yanavyokwenda. Chukua ukurasa wa makala kwenye kompyuta mpakato yenye kioo cha upana wa pikseli 1366, ukubwa ulioenea mno katika mashine za bei nafuu, na kivinjari kimejaza kioo chote. Makala ni ndefu, kwa hiyo upau wa kusimama upo kulia, wenye upana wa pikseli 15. Nafasi halisi iliyobakia kwa ukurasa ni pikseli 1351. Maandishi yamewekwa katika safu ya pikseli 700 iliyokaa katikati, ili macho yasichoke kufuata mistari mirefu. Kati ya aya na aya kuna picha ambayo mhariri anataka itoke nje ya safu na ifike kingo zote mbili za dirisha. Mtengenezaji anatumia njia iliyozoeleka kwa kazi hiyo:

```css
.picha-pana {
  width: 100vw;
  margin-left: calc(50% - 50vw);
}
```

Mstari wa kwanza unaipa picha upana wa dirisha zima. Wa pili unairudisha kushoto kwa kiasi kinachotakiwa ili ianzie ukingoni. Asilimia 50 hapo ni nusu ya safu, yaani 350. Nayo `50vw` ni nusu ya dirisha, yaani 683. Ukitoa, unapata hasi 333, na picha inavutwa kushoto kwa pikseli 333.

Sasa safu yenyewe inaanzia wapi? Iko katikati ya nafasi ya 1351, kwa hiyo ukingo wake wa kushoto uko kwenye pikseli 325.5. Ikivutwa kushoto kwa 333, picha inaanzia hasi 7.5, nje kabisa ya ukurasa. Kwa kuwa upana wake ni 1366, inaishia kwenye 1358.5, ilhali ukurasa unaishia 1351. Pikseli 15 za ziada zimegawanyika nusu kwa nusu, 7.5 kila upande.

Pande hizo mbili hazishughulikiwi sawa. Katika ukurasa unaosomwa kutoka kushoto kwenda kulia, kilichotoka nje upande wa kushoto hakifikiwi tena, kimekatwa tu. Kilichotoka upande wa kulia kivinjari kinakihesabu kuwa ni sehemu ya ukurasa ambayo msomaji ana haki ya kuiona, kwa hiyo kinamletea upau wa kulala ili aifikie. Katika kurasa za Kiarabu, zinazosomwa kutoka kulia, mambo yanageuka: linalokatwa ni la kulia na linalofuatwa ni la kushoto.

Upau huo wa kulala nao hauji bure. Unakula pikseli 15 za urefu wa dirisha, na kipimo cha `vh`, ndugu yake `vw` anayepima kwenda juu, nacho hakiuhesabu. Ukurasa wenye sehemu iliyotakiwa kujaza dirisha kwa `100vh` utajikuta ukingo wa chini wa sehemu hiyo umefunikwa. Kitufe kilichobandikwa hapo kwenye ukingo kitaonekana nusu.

Lililo gumu zaidi katika kuinasa kasoro hii ni kwamba inalala hadi ukurasa urefuke. Wakati wa kutengeneza, makala ya majaribio huwa na aya mbili tatu. Ukurasa unaenea wote dirishani, upau wa kusimama hauhitajiki, na `100vw` inalingana kabisa na nafasi iliyopo. Makala halisi ya maneno elfu mbili inapowekwa, upau wa kusimama unaingia, nafasi inapungua, na upau wa kulala unafuata nyuma yake. Hakuna mstari hata mmoja wa msimbo uliobadilika.

Kwa nini basi mtengenezaji haioni hata kwenye ukurasa mrefu? Jibu linaanzia mwaka 2011, Apple ilipotoa toleo la mfumo wake wa kompyuta lililoitwa Lion. Toleo hilo lilileta pau za kusogeza zinazoelea: nyembamba, zinatokea juu ya ukurasa mtu anapoanza kuskroli, kisha zinafifia. Kwa kuwa zinaelea, hazichukui nafasi hata pikseli moja. Simu za iPhone na za Android zina pau za aina hiyo. Kwenye mashine kama hizo, upana wa dirisha na nafasi ya ukurasa ni kitu kimoja, na `100vw` haina pa kukosea. Wabunifu wengi wa tovuti hutumia MacBook, na wasomaji wao wengi wa kompyuta hutumia Windows, ambako upau wa Chrome na Edge kwa kawaida husimama imara kando ya ukurasa na kuchukua nafasi yake.

Hata kwenye Mac jambo hili halijatulia. Mpangilio unaokuja na mashine humwachia mfumo uamuzi kulingana na kifaa kinachotumika. Anayetumia padi ya mguso anapata pau zinazoelea. Akichomeka kipanya cha kawaida, pau za kudumu zinarudi, na kasoro inarudi nazo. Kuna watu waliohangaika na ukurasa unaofurika dawati la ofisini na kupona nyumbani, kumbe tofauti yote ni kipanya kilichobaki ofisini.

Windows nayo ina mgawanyiko wake. Mwezi Mei 2022, Firefox 100 ilianza kutumia pau zisizochukua nafasi kwenye Windows 11, isipokuwa pale mtumiaji alipoiambia mashine izionyeshe daima. Kwa hiyo mtu anaweza kufungua ukurasa uleule, kwenye mashine ileile, na kuukuta mzima katika Firefox na unayumba katika Chrome. Ndiyo maana taarifa ya kasoro isemayo tu “kwenye kompyuta yangu” haitoshi. Inafaa kutaja mfumo, kivinjari na kifaa cha kuskroli.

Tahadhari moja inahitajika hapa. Vifaa vya utengenezaji vilivyomo ndani ya Chrome vina hali ya kuiga simu, na wengi huitumia kupima ukurasa kwa upana mbalimbali. Katika hali hiyo pau zinakuwa za kuelea, kama za simu. Anayetafuta kasoro hii humo ndani hataipata kamwe, hata akiandika upana wa kompyuta. Inabidi atoke kwenye hali ya kuiga na kupunguza dirisha lenyewe kwa mkono. Mwenye Mac ana njia nyepesi zaidi: katika mipangilio ya mfumo, kwenye `Show scroll bars`, achague `Always` na aiache hivyo siku zote za kazi.

Ukweli kwamba `vw` hupuuza upau haukutokana na uzembe. Umo katika maelezo rasmi ya CSS, na sababu yake ina uzito. Kivinjari hujenga ukurasa kwa hatua zinazofuatana. Kwanza kinasoma mitindo na kugeuza vipimo vingi kuwa pikseli. Baadaye ndipo kinapopanga vitu, kikijua kila kimoja kitachukua upana na urefu gani. Kipimo cha `vw` hugeuzwa katika hatua ya kwanza, kwa sababu kinaweza kutumika popote: kwenye ukubwa wa herufi, kwenye nafasi kati ya mistari, kwenye unene wa kivuli. Lakini haja ya upau wa kusimama hujulikana katika hatua ya pili tu, vitu vikishapangwa na urefu wa ukurasa kuonekana. Kivinjari kinaombwa ahadi ya upana kabla ya kujua kama upau utakuwepo.

Tuseme kingejaribu kusubiri. Chukua dirisha la upana wa 1366 na urefu wa 680, lenye picha moja tu ya `100vw` ambayo urefu wake ni nusu ya upana wake. Bila upau, picha ina urefu wa 683. Imezidi dirisha kwa pikseli tatu, kwa hiyo upau unahitajika. Upau ukiingia na kupunguzwa kwenye hesabu, upana unakuwa 1351 na urefu 675.5. Sasa picha inaenea, upau hauhitajiki, uondolewe. Ukiondolewa, picha inarudi 683, na upau unahitajika tena. Hesabu hiyo haina mwisho. Waandishi wa kanuni waliikata mapema kwa kusema kwamba upau uchukuliwe kuwa haupo.

Asilimia hazina mzozo huo. Upana wa `100%` husubiri hatua ya pili, na huhesabiwa kutoka kwa kitu kilichokizunguka kitu husika, baada ya nafasi ya upau kuondolewa. Hapo kivinjari kikishaamua kuweka upau hakirudi nyuma, hata kama picha sasa inaenea. Hivyo kwa kasoro nyingi za aina hii tiba ni kufuta `100vw` na kuandika `100%`. Mara nyingi hata hiyo haihitajiki: kichwa cha ukurasa au kijachini kilichomo moja kwa moja ndani ya ukurasa hujaza upana chenyewe bila kuambiwa. Inasikitisha kuona ni mara ngapi `width: 100vw` imeandikwa mahali ambapo kutoandika chochote kungeleta matokeo bora.

Picha iliyomo ndani ya safu ndiyo yenye haja ya kweli, kwa kuwa kwake `100%` ni upana wa safu, pikseli 700. Ndiyo maana watu waliikimbilia `vw`. Mwaka 2022 vilikuja vipimo vipya vya `svw`, `lvw` na `dvw`, na wengi walidhani dawa imefika. Haikuwa hivyo. Vipimo hivyo viliundwa kwa ajili ya simu, ambako pau za anwani hujificha na kujitokeza, na upau wa kusogeza navyo vinaupuuza.

Kilichosaidia kweli ni kipimo kingine kilichoingia wakati huohuo. `cqw` hupima sehemu moja ya mia ya upana wa chombo ambacho mtengenezaji mwenyewe amekiteua. Chrome ilikipokea Agosti 2022, Safari mwezi uliofuata, na Firefox Februari 2023. Ikiwa makala yote imefungwa ndani ya kisanduku kinachojaza ukurasa, kisanduku hicho kinateuliwa kuwa kipimio:

```css
.makala {
  container-type: inline-size;
}
.picha-pana {
  width: 100cqw;
  margin-left: calc(50% - 50cqw);
}
```

Rudia hesabu ya mwanzo. Kisanduku cha `.makala` kina upana wa 1351, kwa kuwa upau umeshachukua chake. `50cqw` ni 675.5. Ukitoa kwenye 350 unapata hasi 325.5, na safu ilikuwa inaanzia 325.5. Picha inaanzia sifuri kamili na kuishia 1351 kamili. Kwenye simu, ambako hakuna upau wa kukalia nafasi, hesabu hiyohiyo inatoa upana wote bila msimbo wa ziada. Sharti lake ni kisanduku kujaza ukurasa kweli: kikiachiwa nafasi za pembeni, picha nayo itaishia kwenye nafasi hizo.

Kabla ya kutibu, ni lazima kijulikane kinachofurika, na katika ukurasa wenye mamia ya vitu macho hayatoshi. Vifaa vya ukaguzi vya Firefox huweka alama ya `overflow` kando ya kitu kinachosababisha mzazi wake afurike. Katika kivinjari kingine, mistari michache kwenye konsoli inatosha, ikiandikwa kabla ya kuskroli pembeni:

```js
const mwisho = document.documentElement.clientWidth;
document.querySelectorAll('*').forEach(kitu => {
  if (kitu.getBoundingClientRect().right > mwisho) console.log(kitu);
});
```

Neno la kuangaliwa hapo ni `clientWidth`, linalotoa nafasi bila upau. Ukiuliza `window.innerWidth` unapewa upana pamoja na upau. Tofauti ya namba hizo mbili ndiyo upana wa upau kwenye mashine hiyo, na ikiwa ni sifuri, mashine hiyo haifai kupimia kasoro hii. Zikitofautiana kwa 15 na ukurasa nao umefurika kwa 15, au kwa takriban nusu yake, mshukiwa ni `vw`. Ukurasa ukifurika kwa 200, sababu ni nyingine, labda jedwali au anwani ndefu isiyokatika.

Wapo wanaoruka uchunguzi wote huo na kuandika `overflow-x: hidden`. Upau wa kulala unatoweka, lakini kitu kilichozidi kinabaki na upana wake wa makosa, sasa kikiwa kimekatwa bila mtu kuambiwa. Menyu iliyopewa `100vw` na kitufe chake mwisho kabisa wa kulia itapoteza pikseli 15 za kitufe hicho. Isitoshe, `hidden` ikiwekwa kwenye kisanduku cha ndani, hukigeuza kuwa eneo la kuskroli la kujitegemea, na vichwa vilivyowekewa `position: sticky` ndani yake vinaacha kuganda juu ukurasa unaposhuka. Mtengenezaji anapata kasoro ya pili isiyofanana hata kidogo na ya kwanza. Palipo na ulazima wa kukata, `overflow-x: clip` hukata bila kuleta madhara hayo, na vivinjari vikubwa vyote vinaikubali tangu Safari ilipoipokea mwaka 2022.

Kanuni zenyewe nazo zimeanza kulegea, na zimelegea palepale ambapo ule mzunguko wa hesabu haupo. Ikiwa ukurasa umeambiwa upau wa kusimama uwepo daima, au nafasi yake itengwe daima, kivinjari hakina tena cha kukisia: kinajua tangu hatua ya kwanza kwamba pikseli 15 zimekwenda. Matoleo mapya ya Chrome, katika hali hiyo tu, hupunguza upau kwenye `100vw`. Agizo linawekwa kwenye mzizi wa ukurasa:

```css
html {
  scrollbar-gutter: stable;
}
```

Au `overflow-y: scroll` mahali pake. Gharama yake ni ukanda mtupu upande wa kulia kwenye kurasa fupi zisizohitaji upau. Msomaji mwenye toleo la zamani bado atapewa kipimo cha zamani, kwa hiyo `cqw` na `100%` zinabaki kuwa njia za kutegemewa kwa sasa. Yale masharti ya `@media` yanayochagua mpangilio kwa upana wa dirisha yanaendelea kuhesabu upau kama sehemu ya upana: sharti la `min-width: 1366px` litatimia kwenye ile kompyuta mpakato ya mfano wetu, wakati ukurasa wenyewe una nafasi ya 1351.